Kilele Chini ya Bonde

Mume wangu alikuwa mwanafunzi wangu. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu mzima wa Munuki ulipenda kunianzia nalo. Nikienda kununua nyanya, mama wa nyanya ananiuliza, "Madam, yule mwanafunzi wako mkubwa amemaliza kazi uliyompa?" Wenzake wa meza za jirani wanaangua kicheko, na mimi naondoka na nyanya zangu nimenuna. Sikuwahi kuzoea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hata mama yangu mzazi alikuwa akinipitia mbali nikiwa na njaa.

Hatukupanga iwe hivyo. Mimi nilikulia Kenya, nikasomea ualimu wa hesabu hukohuko, nikarudi Juba kupiga kura ya uhuru, na kabla wino haujatoka kidoleni nikaamua sirudi tena. Yeye alikulia Uganda, katika kambi ya wakimbizi, akaacha shule baada ya kidato cha nne, akajifunza kuchomelea vyuma. Tulikutana Juba, tukaoana mwaka uleule wa bendera mpya, wakati kila mtu alikuwa anaoa. Alikuwa na karakana na kaka yake huko Hai Mauna, wanatengeneza milango na madirisha. Lakini kichwani alikuwa na jambo moja tu: asome, aingie chuo kikuu, awe injinia wa madaraja. Chuo kilitaka hesabu ya kidato cha sita. Basi akiwa na miaka thelathini na tatu akanunua daftari, akavaa shati jeupe, akaenda kuketi na watoto wa miaka kumi na minane katika shule ileile niliyokuwa nafundisha mimi. Darasa lake lilikuwa la mwalimu mwingine, Mganda mmoja hodari sana. Mimi nilifundisha madarasa ya chini. Tulikuwa tunapishana koridoni, ananiambia "Shikamoo, Mwalimu" kwa sauti ya kunichokoza, nami namkazia macho.

Kisha Desemba risasi zikalia. Sitasimulia siku zile, wengine wamezisimulia na mimi bado sizipendi. Shule ilipofunguliwa tena, madawati mengi yalikuwa matupu, na yule mwalimu hodari alikuwa amevuka mpaka kwenda kwao, naye hakurudi. Mkuu wa shule akaniita ofisini akaniambia, "Madam, darasa la kidato cha sita ni lako." Nikamwambia, "Mume wangu yumo mle." Akasema, "Najua. Basi utamfundisha bure."

Siku ya kwanza niliogopa, nakiri. Niliingia nikamkuta amekaa nyuma kabisa, mikono yake mikubwa yenye alama za moto imekunjwa juu ya dawati kama mtoto mtiifu. Nilipouliza swali la kwanza, akanyoosha mkono. Nilimpita nikamwita mwingine. Wiki nzima nilimpita. Ijumaa jioni, nyumbani, akaweka kijiko chini akasema, "Mama, ukinipita tena nitakuripoti kwa mkuu wa shule." Nikacheka mpaka mtoto wetu akaamka. Tangu hapo nilimtendea kama wengine, na wengine watakwambia hiyo haikuwa huruma.

Aliyekuwa hacheki ni shemeji, kaka yake mkubwa. Si mtu mbaya, wallahi. Alikuwa ameshika karakana peke yake kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja ili mdogo wake asome, na baada ya Desemba vijana wao wawili wa kazi walikuwa wamekimbia. Jumapili moja alikuja kwetu, akakaa, akakataa chai, na hapo nikajua kuna neno. Akamwambia mume wangu, mbele yangu, "Shule yenu inafanya ule mtihani wa kuchuja mwezi ujao. Ukipita, waandikishe jina lako kwa mtihani mkubwa, na mimi nitavumilia mpaka mwisho wa mwaka. Usipopita, kalas, imekwisha, unarudi kwenye moto na hatutazungumza tena habari za vitabu."  Mume wangu akasema, "Sawa, kaka." Nilitaka kusema kitu, akaniangalia tu, nikameza.

Sheria ya shule yetu ilikuwa rahisi na katili. Jina la mwanafunzi linapelekwa ng'ambo, kule Uganda kwenye mtihani wenyewe, ikiwa amepata hamsini katika mtihani wa kuchuja. Arobaini na tisa haipelekwi. Na mtu akishamwahidi kaka yake mkubwa, amemwahidi.

Nilibaki na wiki nne. Mada iliyowatesa sana ilikuwa ile ya kutafuta vilele na mabonde ya mchoro wakati hesabu yenyewe ni mgawanyo, kitu cha x juu na kitu cha x chini. Kilele ni pale mchoro unapopanda, ukafika, ukaanza kushuka. Bonde ni kinyume chake. Kanuni inafundishwa kwa Kiingereza, lakini niliwatafsiria kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha sokoni ili iwakae: chukua ya chini mara mteremko wa ya juu, toa ya juu mara mteremko wa ya chini, na yote hayo yakae juu ya ile ya chini iliyozidishwa na yenyewe. Hapo umepata mteremko wa mchoro mzima.

"Sasa angalieni," niliwaambia. "Chini kuna mraba. Mraba wa namba yoyote isiyo sifuri hautoki hasi hata uulazimishe. Kwa hiyo chini haina la kusema. Anayeamua kupanda au kushuka ni wa juu peke yake. Wa juu akiwa chanya, mchoro unapanda. Akiwa hasi, unashuka. Pale anapokuwa sifuri, simama. Kisha uliza: kabla ya hapa alikuwa nani, na baada ya hapa amekuwa nani? Chanya kisha hasi, hicho ni kilele. Hasi kisha chanya, hilo ni bonde. Msinipe ushahidi mwingine. Msiniambie mmeona kwa macho."

Tulifanya mfano wa x juu ya x mraba kujumlisha moja. Mteremko wake juu unatoka moja kutoa x mraba. Kilele kiko kwenye moja, kina urefu wa nusu. Bonde liko kwenye hasi moja, lina urefu wa hasi nusu. Kilele juu, bonde chini, kila mtu akafurahi. Nikatoa mifano mingine mitatu ya namna hiyo, yote ya heshima, kilele juu na bonde chini. Hilo lilikuwa kosa langu na nalikubali hadharani. Niliwazoesha vitu vinavyofanana na dunia wanayoijua.

Nyumbani mume wangu alifanya mazoezi kwa chaki juu ya bamba la chuma, kwa sababu daftari zilikwisha. Alichora mistari yake kwa ile pembe mraba ya fundi, imenyooka hata nikaona wivu. Alikuwa mzito kuelewa lakini akielewa kitu hakimtoki. Hesabu zake zilikuwa chafu mwanzoni na safi mwishoni, tofauti na watoto, ambao huanza vizuri wakachoka.

Mtihani wa kuchuja ulikuwa wa pamoja, shule tano za Juba. Kusahihisha nako kulikuwa kwa pamoja, Jumamosi, katika ukumbi wa shule moja hapo Hai Jalaba. Walimu tulikuwa kumi na mbili. Zamani tungekuwa ishirini. Utaratibu ulikuwa hivi: kila meza inashika swali moja na kulisahihisha kwenye karatasi za shule zote, kwa kufuata mwongozo wa majibu ulioandaliwa na mwenyekiti. Karatasi hazina majina, zina namba tu, kila shule na fungu lake la namba. Zikimaliza kuzunguka meza zote, zinafika meza ya kujumlisha. Huko ndiko nilikowekwa mimi, na kazi yangu ilikuwa kuongeza alama na kuandika jumla mbele kwa kalamu nyekundu. Kazi ya kitoto, lakini nilikuwa mgeni na mwanamke pekee, kwa hiyo walinipa wakidhani wananihurumia.

Mwenyekiti alikuwa mzee Mganda, mwalimu wa fizikia, mtu wa adabu na tai yake kila siku hata jua liwake vipi. Waganda wenzake wa hesabu walipoondoka Desemba, yeye alibaki. Alisema amefundisha Juba wakati hakuna hata paa, hawezi kuondoka sasa kuna paa. Nilimheshimu na namheshimu mpaka leo. Ndiye aliyeandaa mwongozo, peke yake, usiku kwa usiku, kwa masomo mawili, fizikia na hesabu, ambayo hesabu si somo lake.

Karibu na saa tano asubuhi ikanifikia karatasi namba kumi na nne. Sikuhitaji jina. Saba zake zina mstari katikati kama mafundi wanavyoandika ili wasichanganye na moja, na michoro yake ina ile mistari iliyonyooka.  Sheria ilisema mwalimu asisahihishe karatasi ya shule yake, lakini kujumlisha si kusahihisha, basi nikajumlisha. Arobaini na nane.

Nikajumlisha tena. Arobaini na nane. Nikajumlisha kutoka chini kwenda juu, kama wanavyofanya wafanyabiashara wasioamini mashine. Arobaini na nane.

Ee Mungu wangu. Nilimwona shemeji kichwani mwangu, amekaa, amekataa chai.

Nikafungua karatasi ukurasa kwa ukurasa nikitafuta alama ambazo mtu amesahau. Hakuna. Nikafika swali la tisa. Swali lilikuwa x mraba kujumlisha tatu, juu ya x kutoa moja; tafuta vilele na mabonde yake. Mume wangu alikuwa ametumia kanuni vizuri, hatua kwa hatua. Juu ya mteremko alipata x mraba kutoa x mbili kutoa tatu, akaivunja ikawa x kutoa tatu mara x kujumlisha moja. Kwa hiyo mchoro unasimama kwenye hasi moja na kwenye tatu. Akachora jedwali la alama kwa rula: kabla ya hasi moja ni chanya, katikati ni hasi, baada ya tatu ni chanya. Kisha akaandika: kilele kwenye hasi moja, urefu wake hasi mbili. Bonde kwenye tatu, urefu wake sita. Na pembeni, kwa wino mwekundu wa msahihishaji, sifuri kati ya nne.

Nikaomba kuuona mwongozo. Mwongozo ulisema: kilele kwenye tatu, urefu sita, bonde kwenye hasi moja, urefu hasi mbili.

 Nikavuta karatasi nyingine za darasa langu, zile zilizokwisha kujumlishwa. Mwanafunzi wangu bora kabisa, binti ambaye mwandiko wake naujua, aliyepata themanini na moja, alikuwa ametengeneza jedwali lilelile la alama, chanya, hasi, chanya, akaandika jibu sahihi, kisha akalikata kwa mstari na kuligeuza. Alikuwa ameogopa. Kilele kilichoko chini ya bonde kilimtisha, akafanya kile nilichomkataza, akaamini macho. Amepata nne kati ya nne. Karibu wote walikuwa wamegeuza. Nilihesabu ukumbi mzima wanafunzi watatu tu ambao hawakugeuza, na mmoja wao alikuwa fundi wa kuchomelea.

Hapo nilijua kwamba nikisema kitu, nitakuwa mwanamke anayempigania mumewe na kuwanyang'anya alama watoto wa shule tano.  Hasira zikaamua kabla yangu.

"Mwenyekiti," nikasema nikiwa nimesimama tayari, "swali la tisa limesahihishwa vibaya. Mwongozo umegeuza kilele na bonde."

Ukumbi ukanong'ona. Mwenyekiti akavua miwani. "Madam," akasema taratibu kwa Kiswahili chake cha Kampala, "wewe nasema kilele iko minus mbili, na bonde iko sita? Kilele iko chini ya bonde? Hiyo mlima ya nchi gani?"

Wakacheka, na mimi mwenyewe nilikaribia kucheka, maana alisema vizuri. Mwalimu mmoja wa meza ya swali la tisa, kijana wa suruali ya kubana, hakucheka. Alikuwa ameona namba ya karatasi mezani pangu. "Kumi na nne si ni mtu wa shule yako?" akauliza. Kisha akageukia wengine. "Si ndiye yule mume wake?"

"Ndiye!" nikasema. "Ni mume wangu wa ndoa, na hata angekuwa adui yangu angekuwa na haki ya hasi mbili! Unataka nikae kimya ili kosa lako lipate amani?"

Kelele. Mtu akasema turudi kazini, jua linapanda. Mwingine akatoa wazo ambalo sitalisahau: tupige kura. Juba ya miaka ile tulipenda kura kupita kiasi. Tulikuwa tumepiga ile moja kubwa ikatupa nchi, basi tukapiga kura ya jina la klabu, kura ya rangi ya lango, kura ya saa ya kunywa chai. Mikono ikaanza kwenda juu. Nikahesabu haraka, nane dhidi yangu kabla hata swali halijaulizwa.

"Shusheni mikono!" nikapiga kelele. "Nchi niliipigia kura na ningeipigia tena leo. Lakini huu mchoro hauna habari na mikono yenu. Nipeni chaki."

Mwenyekiti akainua kiganja, wakashusha. Nitamsifu kwa hilo daima. "Ubao iko pale," akasema. "Lakini karatasi ya bwana yako wacha hapo. Fanya hesabu kutoka mwanzo, kama vile hakuna mtu aliandika kitu."

Nikafanya. Chini mara mteremko wa juu, toa juu mara mteremko wa chini. Nikaandika polepole, nikisema kwa sauti. Nilipofika x kutoa tatu mara x kujumlisha moja, nikageuka. "Kuna anayepinga mpaka hapa?" Hakuna. Mwongozo nao ulikuwa hivyo. "Chini kuna x kutoa moja, mraba. Inaweza kuwa hasi?" Wakatikisa vichwa. "Basi ya juu ndiyo yenye amri. Tuweke hasi mbili ndani yake. Nne, kujumlisha nne, kutoa tatu?"

"Tano," akasema mtu.

"Chanya. Tunapanda. Tuweke sifuri."

"Hasi tatu."

"Tunashuka. Tulipanda kisha tunashuka, na hapo kati tulisimama kwenye hasi moja. Mahali mtu anapopanda, akasimama, akashuka, kwenu mnapaitaje?"

 Mwenyekiti akaja mbele, akachukua kipande kingine cha chaki. Hakuwa na hasira, alikuwa na mashaka ya kweli, na hayo ni magumu zaidi kuyashinda. Akachora mistari miwili ya mchoro, wa kulala na wa kusimama, akaweka nukta kwenye hasi moja na hasi mbili, akaweka nyingine kwenye tatu na sita. Kisha akaziunganisha kwa mstari mmoja mzuri laini, kutoka ile ya chini kupanda mpaka ile ya juu. "Madam," akasema, "ona. Kutoka hapa tunapanda mpaka hapa. Hii ya juu ndiyo kilele. Jedwali yako nasema tunashuka hapa katikati. Tunashukaje, na tunafika juu?"

Na hapo ndipo nilipoona kosa lake lilipolala, na nikajisikia furaha ambayo sijui niielezeje, kama mtu aliyepapasa gizani akashika kitasa. Maana nilikuwa najua niko sahihi, lakini mpaka dakika ile sikujua kwa nini yeye hayuko sahihi.

"Mzee wangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe, "mstari wako umepita juu ya moja. Hapo kwenye moja, urefu ni ngapi?"

Akaangalia hesabu. "Moja na tatu, nne. Nne juu ya..." Akahesabu tena. "Nne juu ya sifuri."

"Ni ngapi?"

"Mafi," akasema mwalimu mmoja aliyesomea kwa Kiarabu, kutoka meza ya nyuma, yaani hakuna kitu, na ukumbi mzima ukasikia.

"Mafi," nikarudia. "Umepita mahali ambapo hakuna njia. Mchoro huu umekatika vipande viwili. Hiki cha kushoto kinapanda mpaka kwenye hasi mbili, kinasimama, kisha kinatumbukia chini kando ya moja, hakirudi. Hiki cha kulia kinatoka juu sana upande wa pili wa moja, kinashuka mpaka sita, kinasimama, kisha kinapanda. Vipande hivi havijawahi kukutana! Huwezi kulinganisha urefu wao kama ndugu waliosimama ukutani." Nikageukia ukumbi. "Msiniamini mimi. Mna vikokotoo. Wewe wa suruali, x ikiwa hasi mbili, urefu ni ngapi?"

Akabonyeza, amekunja uso. "Hasi mbili nukta tatu tatu."

"Na x ikiwa sifuri?"

"Hasi tatu."

"Zote ziko chini ya hasi mbili. Na upande huu, x ikiwa mbili?"

"Saba," wakajibu watu watatu pamoja.

"Nne?"

"Sita nukta tatu tatu."

"Zote ziko juu ya sita. Basi hasi mbili ni kilele cha majirani zake, na sita ni bonde la majirani zake. Mwenye kupinga aje achukue chaki."

 Sasa vikokotoo vilikuwa vinabonyezwa meza zote, watu wanajaribu namba zao wenyewe, nukta tano, moja nukta tisa, kumi. Mwalimu mmoja akasema kwa mshangao wa mtoto, "Kati ya hasi mbili na sita haikanyagi kabisa!" Nikamwambia ndiyo, haikanyagi, asimame hapo mpaka kesho hataiona.

Mwenyekiti alibaki akiangalia ubao. Nikaanza kuona aibu kwa ajili yake, mtu aliyebaki Juba wakati wengine walikimbia, halafu mimi nikampigia kelele mbele za watu. Kisha akachukua kifutio, akafuta ule mstari wake laini, akauchora upya vipande viwili, vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Akageuka, macho yamemng'aa kabisa.

"Miaka ishirini na sita nimefundisha," akasema, "na leo madam amenifundisha. Makofi kwake." Wakapiga makofi, hata yule wa suruali. Kisha mzee akakata kwa kalamu mwongozo wake mwenyewe, akaandika upya: alama mbili kwa jedwali, mbili kwa kutaja kila kitu mahali pake. Karatasi zote zirudi meza ya swali la tisa. Walionung'unika aliwaambia chai itasubiri.

Waliogeuza walibaki na mbili kati ya nne, kwa sababu jedwali lao lilikuwa sahihi. Ile hamsini ilikuwa sheria ya shule yetu tu, na kwetu hakuna aliyeanguka kwa ajili hiyo. Yule binti bora wa darasa langu alishuka mpaka sabini na tisa, na nilimgombeza baadaye kana kwamba amepata tisa. Karatasi kumi na nne ilirudi mezani pangu na nne zake kamili. Sikuijumlisha. Nilimpelekea mwenyekiti nikamwambia, "Hii andika wewe, ili mtu asiseme." Akaijumlisha mara mbili, akaandika hamsini na mbili kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, akaweka sahihi pembeni.

Nilikatazwa kumwambia mtu yeyote matokeo mpaka yasomwe, na sikumwambia. Hiyo Jumapili ilikuwa ndefu kuliko Desemba. Mume wangu alikuwa anakata maandazi vipande vipande bila kuvila. Mwishoni akasema, "Swali la tisa nimekosa. Kilele kilitoka chini ya bonde. Wenzangu wote wamegeuza."

"Wewe kwa nini hukugeuza?" nikamuuliza, nikijifanya nakoroga chai.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mwalimu alisema tusilete ushahidi mwingine," akasema. "Ningemwamini nani?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yangu yakakauka. Nimesifiwa na watu wengi maishani, lakini sijasifiwa hivyo tena.

Jumatatu asubuhi mkuu wa shule alisoma orodha mbele ya shule nzima, kwenye uwanja wa vumbi. Shemeji alikuwa amekuja. Alisimama langoni na nguo zake za kazi, mikono nyuma, na hakuwa amemwambia mtu anakuja. Majina ya hesabu yalikuwa tisa. La saba likaja, na la nane, na mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kisha likasomwa lake.

Watoto walilipuka. Walimwinua, mwanamume mzima, wakimwita "baba darasa", na shati lake jeupe likatoka kwenye suruali. Shemeji aliita jina lake kutoka langoni mara moja tu, kwa nguvu, kisha akaanza kupita katikati ya wanafunzi akiwasukuma kando. Na mimi, mwalimu mkali wa hesabu, niliyewahi kumtoa mtu nje kwa sababu ya kucheka, nikaweka mkono mdomoni nikapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

Mkuu wa shule akateremsha karatasi yake, akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado, nikapiga kingine.